Barua ya kuomba likizo ya uzazi kwa mwalimu: tarehe tatu zinazoibeba

Barua ya kuomba likizo ya uzazi ni barua rasmi ambayo mtumishi mjamzito humwandikia mwajiri wake akimweleza lini anatarajia kujifungua, lini ataanza likizo na lini atarudi kazini. Kwa mwalimu wa shule ya serikali Tanzania Bara, mwajiri huyo si mkuu wa shule bali ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ndiyo maana barua huandikwa kwa Mkurugenzi na kupitishwa kwa mkuu wa shule, ambaye huweka maoni na muhuri wake kabla haijafika kwa Afisa Utumishi. Mwalimu anayemkabidhi mkuu wa shule barua iliyoandikwa kwa jina la mkuu huyo mara nyingi huambiwa aiandike upya, na wiki zinapita bure.

Ingawa kichwa chake husema «Maombi», kisheria barua hii inafanya kazi ya taarifa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiriwa amjulishe mwajiri nia yake ya kuchukua likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha kitabibu. Mwajiri hapewi nafasi ya kuamua kama mama anastahili kujifungua mwaka huu au mwakani. Kinachobaki kuzungumzwa ni tarehe na jinsi vipindi vitakavyofundishwa. Kwa hiyo sioni sababu ya barua kujaa maneno ya kusihi. Adabu ya kiofisi inatosha.

Uzito wote uko kwenye tarehe. Ya kwanza, tarehe ya matarajio ya kujifungua, mwalimu haibuni, bali huitoa kwenye kadi ya kliniki, ambako mkunga ameihesabu kwa kuongeza siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kipimo cha picha kilichofanywa mapema katika ujauzito kinaweza kuisogeza mbele au nyuma, na hapo ndipo kosa la kawaida hutokea: barua inabeba tarehe ya kwanza huku cheti kilichoambatishwa kikionyesha ya pili. Afisa anayesoma hana njia ya kujua ipi ni sahihi. Inayofaa ni ile ambayo cheti kinaitaja, hata kama mwalimu mwenyewe anaiamini nyingine.

Tuchukue mwalimu wa Hisabati wa Kidato cha Pili ambaye cheti chake kinasema atajifungua tarehe 20 Aprili 2026. Ili atimize miezi mitatu, barua yake inapaswa kumfikia mwajiri kabla ya tarehe 20 Januari kupita, na kwa kuwa inapitia kwa mkuu wa shule, ni busara aiandike mara shule zinapofunguliwa Januari. Sheria inamruhusu kuanza likizo wakati wowote ndani ya wiki nne za mwisho kabla ya tarehe hiyo, yaani kuanzia tarehe 23 Machi, au mapema zaidi ikiwa daktari atathibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo.

Hapa mwalimu anafanya uchaguzi ambao wengi huufanya bila kuuhesabu. Likizo ni siku 84 zenye malipo, ambazo ni wiki 12 mfululizo pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na inakuwa siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku anazozitumia kabla ya kujifungua zinatoka kwenye hizohizo. Akianza tarehe 23 Machi, siku ya 84 itakuwa Jumapili tarehe 14 Juni, na atakuwa amekaa na mtoto wiki nane. Akianza tarehe 13 Aprili, likizo itaisha Jumapili tarehe 5 Julai, naye ataripoti Jumatatu tarehe 6 Julai akiwa amekaa na mtoto wiki 11. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka kwa kawaida huangukia Juni, hivyo chaguo la pili linamrudisha karibu na mwanzo wa muhula mpya badala ya kumrudisha wakati madarasa hayana wanafunzi. Hata hivyo, mwenye shinikizo la damu au miguu inayovimba kwa kusimama ubaoni asiufuate mfano huu kwa ajili ya hesabu tu.

Mtoto naye hafuati kadi. Akichelewa, mama hapati siku za ziada kwa sababu hiyo, lakini sheria inakataza arudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa kwa idhini ya kitabibu. Akija kabla ya likizo kuanza, tuseme tarehe 2 Aprili, tarehe zote za barua zinabadilika: siku ya 84 inakuwa tarehe 24 Juni. Barua nzuri huliacha jambo hili wazi kwa sentensi moja, kama katika kiini hiki:

«Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule tajwa, mwenye cheki namba iliyooneshwa hapo juu. Kwa mujibu wa cheti kilichoambatishwa, ninatarajia kujifungua tarehe 20 Aprili 2026. Ninaomba likizo ya uzazi ya siku 84 kuanzia tarehe 13 Aprili hadi tarehe 5 Julai 2026, na nitaripoti kazini tarehe 6 Julai 2026. Iwapo nitajifungua kabla ya tarehe niliyoitaja, au nitajifungua zaidi ya mtoto mmoja, nitaijulisha ofisi yako kwa maandishi ili tarehe hizi zirekebishwe. Sijachukua likizo ya uzazi katika miezi 36 iliyopita.»

Sentensi ya mwisho ipo kwa sababu haki ya likizo hii huhesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36, na afisa ataitafuta kwenye jalada hata kama mwalimu hajaiandika.

Baada ya hapo ndipo inakuja aya ya kurejea kazini, ambayo kwa mwalimu ina maana kuliko kwa watumishi wengi, kwa kuwa Kidato cha Pili kina upimaji wa kitaifa kuelekea mwisho wa mwaka. Kuandika kwamba «maandalizi yote yamefanyika» hakumsaidii mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba. Afadhali mwombaji aeleze kwamba kufikia tarehe 10 Aprili atakuwa amekabidhi azimio la kazi likionesha mada aliyoishia, pamoja na alama za mazoezi ya kila mkondo, na kwamba Julai ataanza na mada zinazofuata baada ya kupokea makabidhiano kutoka kwa mwenzake. Kumtaja mwenzake huyo kwa jina bila kwanza kuzungumza naye na mkuu wa shule huzua maneno ofisini, hasa pale ambapo walimu wa Hisabati ni wawili tu.

Katika aya hiyohiyo anaweza kueleza atakavyonyonyesha. Sheria inampa mama anayenyonyesha ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na kwenye ratiba ya shule saa hizo haziwezi kupatikana kwa kuombwa asubuhi ya siku yenyewe. Akiandika mapema kwamba kuanzia tarehe 6 Julai anaomba vipindi vyake vipangwe kabla ya mapumziko ya saa nne, na asipewe zamu ya jioni, mwalimu wa taaluma atakuwa na nafasi ya kupanga hivyo wakati anatengeneza ratiba ya muhula. Mwombaji abaki na nakala ya barua yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.