Kuta za kifuko cha nyongo, jiwe na mrija: maswali ya binti kuhusu ultrasaundi mbili za mama yake

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52 na anaumwa chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi ya kwanza, iliyopigwa Arusha, ilisema ukuta wa kifuko cha nyongo ni mnene, milimita 5, na hakuna mawe. Siku nne baadaye hapa Moshi wakasema ukuta ni milimita 2, kuna jiwe la milimita 11, na mrija wa nyongo una milimita 9. Nani amekosea?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kumlaumu yeyote, muulize mama alikula nini asubuhi ya kipimo cha kwanza. Katika simulizi ndefu uliyonitumia umetaja kwamba alikunywa chai ya maziwa na chapati kabla ya kupanda basi, na kwangu hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote.

Kifuko cha nyongo ni mfuko mdogo ulioning'inia chini ya ini, kazi yake ikiwa ni kuhifadhi nyongo hadi chakula chenye mafuta kifike kwenye utumbo. Mafuta yakifika, utumbo hutoa homoni inayokiamuru kifuko kijikamue. Puto likitoka upepo mpira wake huonekana mzito zaidi ingawa hakuna aliyeongeza mpira, na kifuko kilichojikamua hufanya vivyo hivyo: kuta zake hujikunja na kuonekana nene, nafasi ya ndani hubaki finyu, na jiwe lililomo hubanwa na kuta kiasi cha kufanana na hewa ya utumbo ulio jirani. Kwa hiyo milimita 5 za Arusha huenda zilipimwa sawasawa kabisa, ila zilipimwa kwenye kifuko kilichokuwa kazini.

Ndiyo sababu tunaomba mgonjwa asile kwa saa 6 hadi 8. Maji matupu kidogo hayana shida. Wapo wanaofunga hata maji tangu jana yake wakafika wamelegea, na wapo wenye kisukari wanaochoma insulini kisha wakakaa na njaa hadi saa saba mchana. Hao wa pili waseme mapema wapangwe wa kwanza asubuhi, na waulize kipimo cha insulini cha siku hiyo kiweje.

Kwenye picha ya Moshi naona doa jeupe tu ndani ya sehemu nyeusi. Wanajuaje kuwa ni jiwe?

Hawalijui kwa weupe wake peke yake. Mashine hutuma sauti isiyosikika kwa sikio na kusubiri mwangwi. Nyongo ni majimaji, hairudishi mwangwi, kwa hiyo kifuko kilichojaa huonekana cheusi, chenye umbo la peari, na pembeni yake mara nyingi zimeandikwa herufi GB, kifupi cha Kiingereza cha kifuko cha nyongo. Jiwe hurudisha sauti nyingi na kunyonya sehemu ya iliyobaki, kwa hiyo upande wa juu wake hung'aa. Kwa kuwa sauti haikupita, nyuma yake panabaki mstari mweusi unaoshuka hadi chini ya picha, mithili ya kivuli cha mti wakati wa jua. Ukiitazama tena picha ya mama, usilitazame doa, tazama chini yake.

Jambo la tatu haliwezi kuonekana kwenye picha moja, nalo ni mwendo. Mama alilazwa chali, kisha akageuzwa ubavu wa kushoto, na taarifa inasema jiwe lilibingirika kutoka karibu na shingo ya kifuko likaenda upande wa kitako chake. Kinyama kilichoota ukutani kingebaki palepale, bila kivuli. Tope la nyongo lingesogea, lakini polepole kama uji unaomiminika, nalo halina kivuli. Hewa ya utumbo hutoa kivuli pia, ila ni kivuli cha kijivujivu chenye michirizi, na hubadilika kadiri utumbo unavyocheza. Mtaalamu asiyemgeuza mgonjwa amefanya nusu ya kazi, na hapo simung'unyi maneno.

Hata hivyo kanuni hii ina mipaka yake. Jiwe lililonasa shingoni halisogei, na hilo ndilo hasa la kuogopwa. Vijiwe vidogo vya chini ya milimita 3 hivi vinaweza kukosa kivuli mpaka mpimaji aongeze masafa ya sauti na kuweka kina cha makali ya picha palepale vilipo. Kifuko kikijaa mawe tupu, hakuna weusi wa nyongo unaobaki: huonekana mstari wa ukuta, mstari wa mawe yanayong'aa, kisha giza, na mtu mwenye haraka huuita utumbo akaandika kwamba kifuko hakikuonekana.

Kama ukuta ungekuwa na milimita 5 kweli, hata baada ya kufunga, ingemaanisha uambukizo?

Si lazima. Kwa mtu aliyefunga, ukuta wa kawaida hauzidi milimita 3. Hupimwa ukuta wa mbele, ule unaogusana na ini, sauti ikiupiga wima. Ukikatwa kimshazari utaonekana mnene, kama kipande cha ndizi kilichokatwa kwa pembe kinavyokuwa kirefu kuliko cha mviringo. Ukuta wa nyuma hauaminiki kwa kipimo, kwa sababu mwangwi huongezeka nyuma ya majimaji na utumbo umeugusa.

Ukuta hunenepa kwa uvimbe wa kifuko chenyewe, ndiyo, lakini hunenepa pia kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu, kwa ini lenye makovu, kwa homa ya ini, na kwa upungufu wa protini katika damu. Nimeona wagonjwa wa moyo wenye kuta za milimita 8 ambao kifuko chao hakikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo unene ni ushahidi unaotafuta mwenzake. Mwenzake mkubwa ni maumivu: probu, kile kifaa cha mashine kinachopitishwa tumboni, inabonyezwa juu ya kifuko hasa, huku kikionekana kwenye skrini, na mgonjwa anaulizwa kama hapo ndipo panapouma kuliko pengine pote. Jibu likiwa ndiyo, jiwe likiwepo, na ukuta ukiwa mnene, uvimbe mkali wa kifuko unakuwa na uzito. Mgonjwa aliyekwisha kuchomwa dawa kali ya maumivu anaweza asishtuke, kwa hiyo mpimaji aambiwe kuhusu sindano hiyo.

Mama hakuumia sana alipobonyezwa, na ukuta wake ni milimita 2. Kifuko chake kina jiwe, lakini siku ile hakikuwa kimevimba.

Basi kwa nini daktari wa Moshi alikunja uso aliposoma CBD 9.0 mm kuliko alipoona jiwe?

Kwa sababu jiwe lililo kwenye kifuko linaweza kukaa miaka likiwa kimya, lakini mrija uliotanuka unaashiria kwamba huko chini njia imezibwa, au ilizibwa karibuni. Herufi CBD ni jina la mrija mkuu unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini na kifuko hadi utumbo mwembamba. Hupita mbele ya mshipa mkubwa wa damu unaoingia ini kutoka tumboni, na hupimwa upenyo wake, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Mpimaji huwasha rangi ya kuonyesha mtiririko wa damu: mishipa inajaa rangi, mrija unabaki mweusi. Asipofanya hivyo, anaweza kupima mshipa wa damu akauita mrija.

Kwa mtu wa umri wa mama ambaye kifuko chake hakijaondolewa, tunatarajia mrija usiozidi milimita 6 hivi. Wazee wanapewa nafasi zaidi, na aliyekwisha kutolewa kifuko anaweza kuwa na milimita 10 bila ugonjwa wowote. Mama hayumo katika makundi hayo, kwa hiyo milimita 9 zinahitaji maelezo.

Uliandika pia, kana kwamba ni jambo la pembeni, kuwa mkojo wake wiki ile ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea na macho yake yalikuwa na umanjano kidogo. Hilo si la pembeni. Nyongo isiyopata njia hurudi kwenye damu na kutoka kwa mkojo, na choo nacho hupauka. Ukiunganisha mkojo huo, mrija wa milimita 9, na jiwe kwenye kifuko, dhana ya kwanza ni kwamba jiwe jingine, dogo kuliko lile la milimita 11, limetoka kifukoni likakwama mrijani.

Lakini taarifa imesema hakuna jiwe lililoonekana kwenye mrija. Si habari njema?

Isome sentensi inayofuata katika taarifa hiyo: mwisho wa mrija haukuonekana kwa sababu ya hewa. Sehemu ya chini ya mrija hupita nyuma ya utumbo na kuingia kwenye kichwa cha kongosho, na hewa huizuia sauti kabisa. Ultrasaundi ni hodari sana kuona mawe ya kifuko, ila ni dhaifu kwa mawe ya mrija, na kutoonekana kwa jiwe hapo hakumaanishi kwamba halipo. Wakati mwingine tunampa mgonjwa maji anywe, tunamlaza ubavu wa kulia, tunasubiri utumbo ujae maji badala ya hewa, kisha tunatazama kupitia maji hayo. Mara nyingine inafaulu.

Mambo mengine nayo hutanua mrija. Uvimbe wa kichwa cha kongosho huweza kuleta umanjano usio na maumivu, na kifuko kikawa kikubwa kilichojaa. Mnyoo wa tumbo ukipanda mrijani huonekana kama mistari miwili iliyolala sambamba, bila kivuli, na mara nyingine unajisogeza wakati unaangaliwa.

Hatua inayofuata kwa mama ni kupima damu: bilirubini, yaani rangi ya manjano ya nyongo, hasa ile iliyokwisha kuchakatwa na ini, pamoja na vimeng'enya vya ini. Vikiwa juu, aombewe picha ya MRI ya mirija ya nyongo, au apelekwe kwa mtaalamu anayepitisha kamera kwa mdomo hadi kwenye mlango wa mrija, ambaye anaweza kulitoa jiwe hapohapo. Suala la kuondoa kifuko huamuliwa baada ya mrija kueleweka. Chukua picha zote mbili, ile ya Arusha pia, na uandike juu yake kwamba alikuwa amekunywa chai.

Akipata homa ya kutetemeka huku macho yakiwa ya manjano na maumivu yakiendelea, msisubiri tarehe ya kliniki wala majibu ya damu. Huo ni uambukizo ndani ya mrija uliozibwa, na anatakiwa kufika hospitali usiku huohuo.