Hakuna aliyemkataza kuja

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Bosi mmoja, mtu mstaarabu kabisa, aliniita nikazungumze na mfanyakazi wake "anayejitenga", na kabla sijakaa vizuri kwenye kiti akanipa hukumu: "Dada, hakuna aliyemkataza. Chakula kipo palepale, benchi lipo palepale. Si angekuja tu?"

Kazi yangu ni ushauri nasaha maofisini, hapa Dar es Salaam. Hiyo sentensi nimeshaimeza mara nyingi mno kwa heshima ya mwenye ofisi, leo naitapika.

Ni kweli, hakuna aliyemkataza. Karibu kila kesi ya kuachwa nje ya chakula cha mchana niliyoishika haina mtu aliyekataza. Watu hawaelewi kwamba chakula cha ofisini hakianzi saa saba. Kinaanza saa nne asubuhi, pale mama lishe anapopiga simu kuuliza leo sahani ngapi, za wali maharage ngapi, za ugali samaki ngapi. Kuna mtu anayepokea hiyo simu. Huyo ana orodha kichwani, na ile orodha ndiyo kundi lenyewe. Usipokuwemo saa nne, saa saba unakuta sahani zimehesabika na hela zimeshachangwa. Hapo "si angekuja tu" maana yake ni nini? Aje akodolee macho samaki wa watu?

Nichukue kesi moja, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Mhasibu, amehamishiwa Dar kutoka mkoani, ofisi ya watu 14. Aliripoti siku ya tatu ya Ramadhani. Akafunga mwezi mzima, akaunganisha na zile sita za Shawali. Kwa karibu wiki tano, mpokea simu ya mama lishe hakuwa na sababu ya kumuuliza, na kutomuuliza kulikuwa adabu. Saumu ilipoisha, mazoea hayakuisha. "Yule halagi mchana," wakawa wanaambiana, bila ubaya wowote. Na yeye, baada ya siku mbili tatu za kupitwa, akaanza kubeba hotpoti kutoka nyumbani na kulia mezani kwake, mbele ya kompyuta. Hotpoti likawathibitishia walichokuwa wanakiamini.

Nilipomuuliza bosi wake akasema: "Lakini tulikuwa tunamkaribisha!" Hapa ndipo huwa napandwa na hasira, naomba mnivumilie.

Sisi tuna karibu mbili. Ipo karibu ya mdomo, ile unayomtupia hata mpita njia ukiwa na tonge mkononi, na jibu lake linajulikana: "Ahsante, endeleeni." Mtu aliyelelewa vizuri haiitikii hiyo kwa kuvuta kiti. Mama yake angemfinya. Halafu ipo karibu ya pili, ambayo mara nyingi haina hata neno karibu: mtu anasogea kwenye benchi, anasema "kaa hapa, nimekuagizia na wewe." Mhasibu wangu alipewa karibu ya kwanza mara mbili, akajibu kama alivyofunzwa, "ahsante, endeleeni." Wao wakasikia "sitaki." Yeye akasikia kwamba hakuna aliyemwagizia. Pande zote mbili zilikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomwacha peke yake miezi minne. Ukiniambia mlimkaribisha, swali langu huwa moja: sahani yake ilikuwepo?

"Lakini hawakukusudia," utasema. Sawa. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Kipling Williams, aliyekuwa amekaa bustanini na mbwa wake, mara kisahani cha plastiki cha kurushiana kikamwangukia. Akawarudishia wenyewe, nao wakaanza kumrushia na yeye, watu wasiojuana kabisa. Baada ya muda wakaacha kumrushia, bila neno. Alishangaa jinsi ilivyomuuma. Kutokana na hapo akatengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Cyberball: unarushiana mpira na wachezaji wawili, unapata mara chache, kisha hupati tena. Ni dakika chache tu, lakini watu wanatoka wamenyong'onyea. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba inauma hata kwa mtu aliyeambiwa wazi kuwa anacheza na kompyuta. Kompyuta haina kusudi, haina roho mbaya, na bado inauma. Kwa hiyo ukiniambia hawakukusudia, umenieleza habari zao. Habari za aliyeachwa bado hujanieleza.

Kuna jambo sipendi wenzangu wanavyolisema kwenye semina: kwamba ubongo umethibitisha kutengwa ni sawasawa na kuvunjika mfupa. Utafiti wa mwaka 2003 wanaoutegemea ulipima ubongo wa watu 13, na ile sehemu iliyowaka walipotengwa huwaka kwa mambo mengi, hata mshangao. Mimi siwaambii wateja hivyo. Mtu akisema inamuuma, hiyo inatosha, hahitaji picha ya kichwa.

Shaka yangu kubwa iko kwingine. Upweke ukikaa sana humfundisha mtu kusoma vibaya. Kicheko cha jikoni anadhani anachekwa yeye. Kwa hiyo simuulizi mteja "unahisi kutengwa?" Namwomba anisimulie siku tano za kazi zilizopita: nani aliagiza, nani alilipa, habari ipi ilikufikia mwisho. Kwa mhasibu, jibu lilikuwa ratiba ya likizo. Wenzake walikuwa wamegawana Desemba wakiwa wanakula, na fomu ilipomfikia, wiki zote za shule kufungwa zilikuwa zimekwisha. Hilo halikuwa hisia, lilikuwa kwenye karatasi. Lakini wapo wengine ambao mpaka leo sijui kama walitangulia kutengwa au walitangulia kujitenga, na sidhani wao wenyewe wanajua.

Bosi wa mhasibu alitaka kuamuru pilau ya wote kila Ijumaa. Nilimsihi asifanye. Nimeshaona pilau za amri: watu wanakula wameinamia simu, na kila mmoja anajua ni nani aliyesababisha. Tulifanya kitu kidogo zaidi. Anayepokea simu ya mama lishe alikuwa mhudumu wa mapokezi. Mhasibu alimfuata saa nne kasoro, akasema, "Leo niandikie na mimi, wali samaki," akampa hela mkononi papo hapo. Siku ya kwanza alikaa mwisho wa benchi karibu na sinki, akala haraka, akanipigia kusema hakuna aliyemsemesha. Nikamwambia kesho arudi. Wiki ya tatu mhudumu alimwagizia bila kuombwa.

Dawa hii haifanyi kazi kote. Mteja mwingine alipojiandikisha hivyohivyo, wenzake walihamia kwenye mgahawa wa mtaa wa pili bila kumwambia. Kundi likihama baada ya wewe kufika, hapo ujue kuna kusudi, na sahani haitasaidia. Huyo aliacha kazi, na nilikubaliana naye.

Mhasibu bado anakula kwenye benchi. Kundi la WhatsApp la chakula, ndilo hajaingia mpaka leo. Admini ni jamaa aliyeacha kazi pale muda mrefu, hakujitoa, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwandikia. Sasa wamemwandikia. Hajajibu.