"Vyanzo Havisemi Kitu Kuhusu Wanawake": Dhana Potofu Zinazonichosha

Kila msimu wa tasnifu naisoma sentensi hii, kwa kawaida ukurasa wa tatu au wa nne: "Wanawake wa Zanzibar ya karne ya 19 hawakuandikwa, hivyo utafiti huu utategemea makisio." Mwaka huu nimeikuta mara tano. Mwanafunzi wa tano nilimwuliza alifungua majalada mangapi ya mirathi. Akaniambia hakuyafungua, kwa sababu mada yake ni wanawake, si mali.

Hapo ndipo kosa lilipo. Karani wa mahakama ya kadhi hakuwa na jalada la "wanawake", lakini alikuwa na mirathi, wakfu, hati za uhuru na kesi za madai. Mwanamke aliandikwa pale fedha, shamba au nyumba ilipopita mikononi mwake, au ilipompita pembeni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hati inasema nini juu yake, uliza ni nani alikuwa na sababu ya kuliandika jina lake, na nani alifaidika lilipoachwa.

Chukua mfano, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Bwana mwenye shamba la mikarafuu anafariki, wazazi wake wakiwa wametangulia. Warithi ni mke mmoja, mtoto wa kiume Seif na binti Zuhura. Mke anapata thumni. Iliyobaki ni ya watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Mali ikigawiwa mafungu 24, mke ana 3, Seif 14 na Zuhura 7. Mwanafunzi anasoma orodha hiyo, anaandika "familia ya watu watatu", anafunga jalada.

Sasa tafuta jalada la yule mke alipofariki yeye. Warithi wake ni Zuhura, anayepata nusu, na kaka wa marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, anayepata nusu iliyobaki. Seif hayumo, ingawa yu hai. Kama angekuwa mwanawe na yu hai, angekuwemo, na kaka wa marehemu asingepata kitu. Basi Seif alizaliwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo hayumo katika hati yoyote kati ya hizi mbili. Tumempata kwa kulinganisha hesabu.

Alikuwa nani? Njia ni tatu: mke aliyefariki mapema, mke aliyeachwa, au suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Suria aliyemzalia bwana wake ni ummu walad: hauzwi, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto wake ni huru na anarithi sawasawa na ndugu zake wa kuzaliwa na mke. Yeye mwenyewe harithi. Kwa hiyo kutokuwepo kwake katika orodha hakuonyeshi kwamba hakuwa na nafasi nyumbani. Kunaonyesha hakuwa na fungu kisheria, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ili kuchagua kati ya njia tatu unahitaji hati ya tatu, kwa mfano wakfu unaotenga nyumba kwa "mama yake Seif", au talaka iliyosajiliwa. Usipoipata, andika njia zote tatu na uishie hapo. Sitaki kusoma "bila shaka alikuwa suria mpendwa".

Kuna mtego mwingine, na huu hunasa hata wazoefu. Mtumwa aliyeachwa huru akifa, sheria inampa aliyemwacha huru, au jamaa zake, haki ya walaa: wanachukua kinachobaki ikiwa hakuna asaba wa damu, yaani jamaa wa kiume anayerithi masalio. Tuseme mwanamke kaacha kibanda mtaani Ng'ambo na binti mmoja. Binti anapata nusu, nusu ya pili inakwenda kwa watu wa bwana wa zamani. Kaacha mtoto wa kiume aliye huru? Watu wa bwana hawapati hata senti. Sasa fikiri ni yupi kati ya hawa wawili atakayezua kesi. Ni yule wa kwanza, au yule asiye na mtoto kabisa. Tuseme mama yake Seif alikuwa suria: alizikwa, Seif akachukua vyombo vyake, na hakuna aliyekwenda kwa kadhi. Ndiyo maana ukihesabu majalada utadhani wanawake walioachwa huru walikuwa wapweke wasio na kizazi. Unachokihesabu ni ugomvi wa mirathi, si maisha yao.

Ushauri wangu wa siku zote, ambao wanafunzi wangu wameuchoka: daftari lenye safu nne. Jina kama lilivyoandikwa, aliyeandikisha, alichokuwa akidai, na ambaye angetakiwa kuwepo lakini hayupo. Safu ya nne ndiyo tasnifu yako.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

"Amri ya 1897 iliwaacha huru watumwa wote, kwa hiyo idadi ya wanawake walioomba uhuru inatuonyesha wangapi walitaka kuondoka." Hapana. Kwanza, mtu alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba. Pili, masuria waliondolewa: amri iliwahesabu kama wake wa nyumbani, wasitoke ila kwa sababu maalumu kama ukatili. Waliingizwa katika sheria mwaka 1909. Katikati ya miaka hiyo, bwana asiyetaka kumpoteza mjakazi alikuwa na sababu nzuri ya kumwita suria, na mwanamke aliyetaka kuondoka alikuwa na sababu nzuri ya kukana. Ukikuta neno "suria" katika kesi ya mwaka 1900, lisome kama dai la upande mmoja mpaka uone ushahidi. Na usiweke takwimu za kabla na baada ya 1909 katika jedwali moja bila kueleza.

"Utendi wa Mwana Kupona unaonyesha wanawake wa Pwani walivyokuwa watiifu." Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye wasia huo mnamo 1858. Ni mafunzo ya mama wa tabaka la juu, mjane wa mtawala wa Siyu, kuhusu namna binti wa nyumba kama hiyo *apaswavyo* kuwa. Anayeusia "fanya hivi" hajatuambia watu walikuwa wakifanya nini. Tumia utendi kama ushahidi wa adabu iliyotarajiwa, na wa mwanamke aliyeimudu kalamu na bahari za ushairi. Usiutumie kwa mwanamke aliyekuwa akichuma karafuu.

"Historia ya jinsia ni kuongeza malkia waliosahauliwa." Ukimwongeza Mwana Fatuma wa Unguja kwenye orodha ya watawala umesahihisha orodha. Swali la jinsia liko kwenye ule mgawo wa 14 na 7, na linamhusu Seif sawa na Zuhura: kwa nini uanaume wake ulifuta dai la watu wa bwana juu ya mali ya mama yake?

"Tunaye Salme, ametuandikia yote." Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani 1886. Aliandika akiwa Ujerumani, mjane, kwa wasomaji wa huko waliokuwa na picha zao tayari kuhusu nyumba za wake wa Kiarabu, na mara nyingi anajibizana nao. Nyumba anayoieleza ni ya Sultani. Hata hivyo, msome anapofikia kifo cha baba yake mwaka 1856 na ugawaji wa mali. Salme anapata fungu lake la binti. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, na kwa sheria ileile hakuwa mrithi.