Barua ya kuulizia bei ya mabati yenye povu, nilivyomsaidia mama mwenye nyumba

Juzi mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha hapa Malindi, upande wa Maweni, alinionyesha barua aliyotaka kumpelekea saplaya. Ilikuwa mistari miwili, anaomba bei ya mabati yenye povu katikati, "yawe manene na yasishike moto". Nikamwambia mama, usiitume bado, maana ukiuliza hivyo utajibiwa "ndiyo yapo" na bei juu yake, afu hutajua umeuziwa nini. Mimi kazi yangu ni kuezeka na barua za hivi nimeziona nyingi, kwa hivyo tukakaa barazani tukaiandika upya.

Tukaanza na unene. Hizi paneli ni bati mbili na povu katikati, na bati ya juu ina migongo kama mabati ya kawaida. Sasa saplaya akisema "milimita 50" anaweza kuwa anapima povu lenyewe bondeni, au anapima mpaka juu ya mgongo, na hapo povu linalokukinga na jua la kaskazi linaweza kuwa nusu ya ulichodhani. Na povu nalo si moja, lile jeupe la punje punje (EPS) linapitisha joto zaidi kuliko lile gumu la PIR, yaani kwa kinga ileile EPS inahitaji unene kama mara moja na nusu hivi. Halafu kuna unene wa bati zenyewe na rangi yake, na kwetu huku upepo wa bahari una chumvi, kwa hivyo tukaulizia mpako wa aluzinki wa kuzuia kutu na uzito wake kwa mita mraba.

Moto ndio uliotuchukua muda mrefu, kwa sababu wapangaji wake wanapikia ndani, wengine gesi wengine jiko la mkaa. "Haishiki moto" si kipimo. Kipimo cha Ulaya cha EN 13501-1 kinaenda kwa herufi kutoka A1, isiyoungua kabisa, mpaka F. Baada ya herufi kuna s, moshi kiasi gani, na d, kama inadondosha matone yanayowaka. Paneli ya B-s1,d0 inachangia moto kidogo, moshi wake ni kidogo na haidondoshi matone ya moto, na hiyo d0 ndiyo niliyoitilia mkazo kwa vyumba vya watu wanaolala chini ya paa hilo. Saplaya akikuandikia B1, hiyo ni ya kipimo kingine cha Ujerumani, usiichukulie kuwa ni B ile. Na dakika ambazo paa linastahimili moto bila kuanguka au kuupitisha, zile za REI 30 au REI 60, ni swali la pili kabisa, paneli inaweza kuwa nzuri kwa la kwanza na isiwe na jibu la la pili.

Barua ikatoka hivi:

"Naomba bei ya paneli za kuezekea, mita mraba 140 za paa lililofunikwa, urefu wa kila paneli mita 5. Tafadhali taja: aina ya povu na unene wake bila migongo, unene wa bati ya juu na ya chini, na aina ya mpako na uzito wake kwa mita mraba, daraja la moto la paneli nzima kwa EN 13501-1, pamoja na nakala ya ripoti ya maabara yenye jina na unene wa paneli hiyohiyo, kama kuna REI, dakika ngapi, bei kwa mita mraba inayofunika, na VAT na usafiri hadi Malindi vikiwa mbali mbali."

Hilo neno "inayofunika" usiliache. Paa lake lina miteremko miwili, kila mmoja mita 14 kwa 5. Paneli inafunika mita 1 lakini bati lina upana wa mita 1.07 kwa sababu ya kulaliana, kwa hivyo ni paneli 28, na anayehesabu upana wote atakutoza mita mraba 149.8. Tuchukulie huyo anasema 3,000, inakuwa 449,400. Mwingine anasema 3,150 kwa inayofunika, ni 441,000. Aliyeonekana ghali ndiye wa bei nafuu.

Saplaya watatu walijibu. Wa kwanza alituma ripoti ya povu peke yake, si ya paneli, tukamrudishia. Wa pili ripoti yake ilikuwa ya paneli ya milimita 100 na anauza ya 50. Wa tatu alileta ripoti ya PIR ya milimita 50 ileile na kipande cha sampo, nikakipeleka nje nikasimama upande upepo unakotoka nikakiwashia tochi ya gesi: EPS ingenywea na kuyeyuka papo hapo, hiki kikafanya mkaa mweusi kikabaki mahali pake. Daraja haliwezi kuthibitishwa hivyo, ila unajua povu si lile jeupe. Mama ameagiza kwake, na nimemwambia kuta za kati ya vyumba zipandishwe mpaka ziguse paneli kabla sijaanza kuezeka, maana sasa hivi zinaishia juu ya mlango na moto wa chumba kimoja ungefika kwa jirani bila hata kugusa povu.