Tabu, soko, suke, Urwa: orodha nzima ndani ya neno

Je, kwa nini orodha ya vitu ikigeuzwa neno moja haisahauliki upesi? Na mimi nitalitengenezaje neno hilo?

Muulize mtoto aliyesoma tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, madrasani: herufi za kalkala ni zipi, zile ambazo sauti yake hudunda zikiwa na sukuni, yaani zikiwa hazina irabu? Hatahesabu kwa vidole. Atakujibu "kutbu jadin", basi. Humo mna kafu, twa, ba, jimu na dali: herufi 5 kati ya 28 za Kiarabu. Mimi nilipokuwa mdogo nilizitaja 6, kwa sababu mwishoni nilisikia nuni. Mwalimu akaliandika neno ubaoni, nikaona nuni haipo. Ile ni tanwini tu, alama ya irabu inayotamkwa na "n" mwishoni: inasikika lakini haihesabiwi.

Herufi tano zilizotawanyika ni mizigo mitano, na kichwa kinachoka kubeba vingi kwa mpigo. Zikishikana katika neno linalotamkika, mzigo unakuwa mmoja. Kisha kila herufi inakuwa kidokezo. Si unajua pale jina linapokukwama mdomoni, mtu akakutajia herufi ya kwanza tu, nalo likatoka lenyewe? Tena neno linatunza hesabu: ukitaja nne, unajua kabisa kuna moja bado imejificha.

Waarabu walikuwa na wepesi ambao sisi hatuna. Irabu zao fupi haziandikwi katika mwili wa neno, kwa hiyo mtunzi alichukua konsonanti zake tano akazipa irabu alizotaka. Kwetu irabu ni herufi kamili. Jaribu nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo ya Kinshasa na Somalia. Herufi za kwanza ni K, U, T, R, B, S, K, S. Nani atalitamka hilo? Ukichomeka irabu zako, hutajua U ipi ni Uganda na ipi ni kiraka. Halafu K ziko mbili na S ziko mbili.

Dawa tunayo siku zote: chukua silabi, siyo herufi. UKIMWI ni Ukosefu wa Kinga Mwilini. BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa. Silabi ya Kiswahili huja na irabu yake mwenyewe. Basi nchi zetu zinakuwa KE, U, TA, RWA, BU, SU, KO, SO, na hapo hapo Kenya imeachana na Kongo, Somalia imeachana na Sudan Kusini.

Sasa ziandike kwenye vipande vinane vya karatasi, uzisogeze mezani kama kete. Mimi nilianza na TA na BU, nikapata "tabu". SO na KO zikatoa "soko". SU na KE zikatoa "suke", kama la mtama. Zikabaki U na RWA, nikakaribia kukata tamaa, kumbe Urwa ni jina la mtu. Tabu, soko, suke, Urwa. Namwona Urwa yuko sokoni na suke lake moja, hapati mnunuzi. Picha ya kipuuzi kama hiyo hainitoki. Nilishawishika kusema "tabu sokoni, suke la Urwa", maana ndiyo sentensi nzuri, lakini NI na LA zingenizalia nchi mbili zisizokuwepo.

Jipime kesho yake, siyo dakika ileile. Andika silabi nane kwenda chini, kisha jaza majina bila kuchungulia. Ukikwama kwenye SO, tatizo si neno. Ni kwamba Somalia, iliyojiunga juzijuzi tu, haijakukaa kichwani kama mwanachama. Na SU ina mtego wake: asiyejua atajaza Sudan, ambayo si mwanachama, badala ya Sudan Kusini. Silabi hukumbusha unachokijua, haifundishi usichokijua.

Kete zangu nilizisogeza nitakavyo kwa kuwa nchi hazina foleni. Sayari zinayo, kuanzia iliyo karibu na Jua: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Hapo huna ruhusa ya kupanga upya, na usitarajie kukutana na "soko" njiani. Kinachobaki ni kuzikata mbilimbili na kuziimba: zezu, dumi, mshtazo, une. Halina maana yoyote, lakini ukiliimba mara kadhaa ulimi unalizoea, na Z zote tatu zinabaki kila moja mahali pake.