Makadirio na maoteo ya idadi ya watu kati ya sensa mbili

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Kati ya miaka hiyo miwili hakuna aliyehesabu nchi nzima, lakini kila mwaka serikali, hospitali na benki zilitumia takwimu iliyoitwa idadi ya watu ya mwaka huo. Takwimu ya namna hiyo hupatikana kwa moja ya njia mbili, yaani makadirio au maoteo. Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika baadhi ya nyaraka rasmi, neno makadirio hubeba maana zote mbili, ingawa kazi zenyewe ni tofauti.

Makadirio, kwa maana ya kitaalamu, huhusu wakati uliokwisha kupita na hutegemea matukio yaliyorekodiwa. Mtakwimu huchukua idadi ya sensa, huongeza waliozaliwa, huondoa waliokufa, kisha huongeza waliohamia na kuondoa waliohama. Maoteo hayana rekodi ya kutegemea, kwa sababu hujibu swali la aina nyingine: ikiwa uzazi, vifo na uhamaji vitakwenda kwa mwenendo fulani, idadi ya watu itakuwa ngapi? Kwa hiyo maoteo yanaweza kuwa sahihi kabisa kihesabu na bado yakapishana na hali halisi, mradi dhana yaliyojengwa juu yake haikutimia.

Tofauti hiyo ni wazi katika nchi ambayo karibu kila kizazi na kila kifo husajiliwa. Katika nchi zetu, ambako vizazi vingi na hasa vifo vingi havifiki kwa msajili, mtakwimu hana matukio ya kutosha ya kujumlisha na kutoa. Ndiyo maana takwimu ya mwaka uliopita, ambayo msomaji huidhania kuwa makadirio, mara nyingi ni maoteo yaliyotayarishwa miaka kadhaa nyuma, ambayo mwaka wake umewadia na kupita. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa maoteo ya mwaka 2013 hadi 2035 yaliyoegemea sensa ya 2012, na aliyetaja watu milioni 59.4 kwa mwaka 2021 alikuwa akisoma jedwali hilo.

Njia rahisi ya kupata maoteo ni kuendeleza kasi ya ukuaji iliyopita. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 nchi ilikua kwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kasi hiyo ikiendelezwa kwa miaka kumi, watu milioni 44.9 hufikia takriban milioni 58.9, yaani pungufu kwa karibu milioni tatu kuliko waliohesabiwa mwaka 2022. Kasi halisi ya muongo huo ilikuwa asilimia 3.2, na kwa nchi yenye watu wengi, nusu ya asilimia kila mwaka si kitu cha kupuuzwa.

Ofisi za takwimu hutumia njia nyingine, ambayo hugawa watu kwa umri na jinsi, kisha hulisukuma mbele kila kundi la umri peke yake. Kwanza idadi ya sensa husafishwa. Watu wengi hutaja umri unaoishia na sifuri au tano, kwa hiyo walioandikwa kuwa na miaka 40 huwa wengi mno kuliko wa 39 au 41, na mlundikano huo hulainishwa. Kisha idadi husogezwa kutoka usiku wa sensa, ambao mwaka 2012 uliangukia Agosti, hadi katikati ya mwaka.

Hapo ndipo kusukuma kunapoanza. Tuchukue mfano wa kubuni wa wanawake 100,000 wenye umri wa miaka 20 hadi 24. Jedwali la vifo likionesha kwamba 99 kati ya kila 100 huishi miaka mitano mingine, basi baada ya miaka mitano tutakuwa na 99,000 katika kundi la 25 hadi 29. Nafasi waliyoiacha itajazwa na waliokuwa 15 hadi 19, tuseme 110,000. Kwa wastani, basi, kundi la 20 hadi 24 limekuwa na wanawake 105,000 katika kipindi hicho, na ikiwa kila 1,000 kati yao huzaa watoto 200 kwa mwaka, watazaliwa watoto 21,000 kwa mwaka, au 105,000 kwa miaka mitano. Hesabu hurudiwa kwa kila kundi la umri wa kuzaa, watoto hugawanywa kwa jinsi, wanaotarajiwa kufa wakiwa wadogo huondolewa, na mwishoni huingizwa tofauti ya waliohamia na waliohama.

Hesabu hii huonesha pia penye udhaifu. Katika maoteo ya miaka kumi mbele, kila atakayekuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi amekwisha kuzaliwa, kwa hiyo mashaka juu yake ni ya kifo na uhamaji tu. Mashaka makubwa zaidi yako kwa watoto, kwa kuwa idadi yao hutegemea dhana kuhusu kushuka kwa uzazi, na kwa sababu hiyo ofisi hutoa matoleo ya juu, ya kati na ya chini. Kwa taifa zima njia hii ilifanya kazi nzuri: maoteo ya katikati ya mwaka 2022 yalikuwa takriban milioni 61.3, na sehemu ya tofauti yake na sensa ni kwamba watu walihesabiwa mwishoni mwa Agosti.

Uzuri huo haushuki mpaka ngazi ya mkoa. Jiji la Dar es Salaam lilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, na Mkoa wa Pwani kwa asilimia 2.2. Aliyeendeleza kasi hizo angetarajia watu milioni 7.6 Dar es Salaam na milioni 1.4 Pwani mwaka 2022. Sensa ilikuta takriban milioni 5.4 na milioni 2.0. Kwa kiasi kikubwa, nadhani, jiji lilikuwa limevuka mpaka wake, kwani viwanja na nyumba za watu wanaofanya kazi mjini viliendelea kuenea Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Uzazi na vifo havibadiliki ghafla namna hiyo. Uhamaji hubadilika, nao hupimwa vizuri kwenye sensa tu.

Kosa hili hujitokeza mara nyingi katika takwimu za afya kabla ya sensa kuligundua. Wilaya inaporipoti kwamba imewachanja watoto asilimia 115, moja ya sababu zinazowezekana ni kwamba idadi ya watoto iliyotumika kugawanyia imetokana na maoteo yaliyo chini ya hali halisi.

Sensa mpya ikipatikana, miaka ya katikati inapaswa kukokotolewa upya ili iungane na sensa zote mbili. Hata nchi zenye usajili kamili hufanya hivyo: sensa ya 2011 ya Uingereza na Welisi ilikuta watu takriban 464,000 zaidi ya makadirio, hasa kwa sababu wahamiaji hawakuwa wamehesabiwa vya kutosha. Anayechora mstari wa mwaka hadi mwaka achunguze kama takwimu zake zote zimeegemea sensa moja, kwani akiunganisha maoteo ya zamani na matokeo mapya, ataona mruko uliosababishwa na kubadilishwa kwa msingi, na Pwani itaonekana kana kwamba ilipokea mamia ya maelfu ya watu kwa mwaka mmoja.