Nani alipie barabara: anayeitumia au mwenye uwezo?

Juni 2017, Waziri wa Fedha wa Tanzania, Philip Mpango, alipendekeza bungeni kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari. Ada ile ilibaki kulipwa mara moja tu, gari linaposajiliwa. Ili Serikali isipoteze mapato, ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa uliongezwa shilingi 40 kwa lita. Wenye magari wengi walishangilia, na hoja iliyotolewa ilieleweka haraka: anayeendesha sana alipe sana, na gari lililoegeshwa juu ya mawe lisidaiwe chochote.

Hoja hiyo ndiyo kanuni ya manufaa. Inasema huduma ya umma ilipiwe na anayeitumia, kwa kadiri anavyoitumia. Mpinzani wake ni kanuni ya uwezo wa kulipa, isemayo kwamba kila mtu achangie kulingana na kipato chake, bila kuuliza ametumia nini. Napenda kuzipima kanuni hizi kwa mfano wa mafuta, kwa sababu shilingi 40 zile zinaonyesha mahali ambapo kila moja inashika na mahali inapoteleza.

Tuanze na hesabu. Kabla ya mabadiliko, gari lenye injini ya sisi 1,501 hadi 2,500 lililipiwa shilingi 200,000 kwa mwaka, na kubwa zaidi ya hapo shilingi 250,000. Chukua gari la familia la sisi 1,800 linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka na kula lita 1 kwa kila kilomita 10. Litatumia lita 1,500, na kwa shilingi 40 kwa lita mwenyewe anachangia 60,000. Amepunguziwa 140,000. Ili afikie ile 200,000 ya zamani ingembidi achome lita 5,000, yaani aendeshe kilomita 50,000. Wenye magari binafsi wanaofika huko ni wachache.

Sasa chukua Kosta ya daladala yenye injini ya sisi 4,200. Tuseme inakula lita 40 za dizeli kwa siku na inafanya kazi siku 300. Hizo ni lita 12,000, na mchango wake ni shilingi 480,000 badala ya 250,000. Kwa kanuni ya manufaa hakuna kosa hapa, maana Kosta ile iko barabarani tangu alfajiri na lile gari la familia linashinda limeegeshwa.

Lakini usiishie kwenye jumla. Uliza pesa inatoka mfuko wa nani. Ada ya mwaka ililipwa na tajiri, mwenye gari. Mafuta, kwa utaratibu wa daladala nyingi, hununuliwa na dereva kutoka kwenye makusanyo ya siku. Dereva anampelekea tajiri hesabu yake kamili, anatoa ya mafuta, na kinachobaki anagawana na konda. Kwa hiyo tajiri alipunguziwa 250,000 kwa mwaka, na dereva na konda wakaongezewa shilingi 1,600 kila siku. Hawawezi kuihamishia kwa abiria asubuhi inayofuata, kwa sababu nauli hupangwa na mdhibiti na haibadiliki kila mafuta yanapopanda. Nauli ikija kupandishwa, mzigo unahamia kwa abiria. Hesabu ya tajiri ikijadiliwa upya, sehemu inamrudia yeye. Kabla ya hapo, aliyetajwa kwenye hotuba kuwa mtumiaji wa barabara ni watu wawili wasiomiliki gari.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta katika tozo yoyote inayotetewa kwa kanuni ya manufaa: anayekabidhi pesa na anayeubeba mzigo mara nyingi si mtu mmoja. Ada ya zamani, pamoja na udhaifu wake wote, ilikuwa na chembe ya kanuni ya uwezo ndani yake. Ilimgusa mwenye mali, na injini kubwa ilichukuliwa kuwa dalili ya mfuko mkubwa. Ni dalili butu, kwani gari kuukuu la injini kubwa laweza kuwa na bei ndogo kuliko gari jipya dogo, lakini angalau ilielekea kwa mwenye chombo.

Tugeuze upande, tupime kwa uwezo. Kodi ya mishahara ya Tanzania Bara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, haimgusi anayepata hadi shilingi 270,000 kwa mwezi. Sehemu inayozidi hapo hadi 520,000 inatozwa asilimia 8, kisha viwango vinapanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa sehemu inayozidi 1,000,000. Mwenye mshahara wa 400,000 analipa 10,400, sawa na asilimia 2.6 ya mshahara wake. Mwenye 2,000,000 analipa 428,000, sawa na asilimia 21.4. Hakuna anayeuliza yupi kati yao anapita barabarani zaidi.

Weka pembeni yake mafuta ya taa. Baada ya ile nyongeza ya 2017, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ya taa ulifika shilingi 465 kwa lita, wakati petroli ilikuwa 379 na dizeli 255. Familia inayopikia jiko la utambi na kuwasha koroboi, ikitumia lita 10 kwa mwezi, inalipa 4,650. Kama kipato cha nyumba ni 150,000, hiyo ni asilimia 3.1. Kwa kodi ya mishahara nyumba hii isingedaiwa hata senti, lakini kwa mafuta ya taa peke yake inatoa sehemu kubwa ya kipato chake kuliko yule mwenye mshahara wa 400,000 anavyotoa kwenye kodi yake. Na koroboi halipiti barabarani.

Kwa nini basi yatozwe hivyo? Sababu ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakiwa na ushuru mdogo, kuna watu wanayachanganya na dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli, injini zinaharibika na ushuru unapotea. Mwaka 2011 ushuru wake ulirushwa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita ili faida ya kuchanganya iishe. Naielewa sababu hiyo, na ni ya kweli. Ila tuseme wazi kwamba mzigo ule haukupangwa kwa manufaa wala kwa uwezo. Umepangwa kwa urahisi wa kudhibiti, na anayelipia urahisi huo ni asiye na umeme. Njia ya vinasaba, ambapo kiowevu maalumu kinatiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi na wakaguzi wanapima vituoni, inamlenga mchakachuaji mwenyewe, na kwangu hiyo ndiyo yenye haki zaidi.

Turudi kwenye barabara, maana kanuni ya manufaa ina tatizo la pili: kipimo. Lita ya mafuta inachukuliwa kuwa kipimo cha matumizi ya barabara, na kwa gari dogo dhidi ya gari dogo inafaa. Ukimleta mwenye lori, kipimo kinavunjika. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, Illinois, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami unapanda takriban kwa uzito wa ekseli uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara 4. Ekseli ya tani 10, ambayo ni uzito unaoruhusiwa Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye matairi pacha, inachosha lami takriban mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Lori linalokula lita 50 kwa kilomita 100 linachangia kwa kila kilomita mara 5 tu ya gari linalokula lita 10. Kwa hiyo kwenye gharama ya kurudishia lami iliyochakaa, magari madogo yanalipia sehemu ya uharibifu wa malori, ingawa kila mmoja analipa kwa lita ile ile. Ukiona mifereji miwili ya matairi imezama kwenye lami ya njia inayopanda kutoka bandarini na njia ya kushuka ni nzima, unajua ni nani aliyeichimba.

Upande wa pili kuna mafuta yasiyofika barabarani kabisa. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mvuvi anayejaza lita 20 kwenye mashine ya boti analipa shilingi 2,000 kila safari kwa barabara ambazo boti lake halitazikanyaga. Mwenye mashine ya kusaga inayokwenda kwa dizeli naye ni hivyo hivyo.

Nyuzilandi wana suluhisho ninalolipenda. Tangu 1978 magari ya dizeli huko hulipia kilomita kwa kiwango kinachotegemea aina na uzito wa gari: mwenye gari ananunua kilomita kwa mafungu ya 1,000 kabla ya kuzisafiri, lori zito likiwa na kiwango cha juu. Dizeli yenyewe haibebi ile kodi ya barabara ambayo petroli inabeba pampuni, hivyo mwenye boti au trekta la dizeli hahitaji kuomba kurudishiwa chochote. Udhaifu wake ni gharama ya kukagua na ulaghai wa mita. Tanzania sehemu ya kazi hiyo inafanyika tayari: mizani kama ya Vigwaza inapima lori ekseli kwa ekseli. Kinachokosekana ni kuunganisha uzito huo na kilomita kwenye ankara, badala ya kuutumia kwa faini ya kuzidisha tu.

Hata kipimo kikiwa sahihi namna hiyo, barabara ya kijiji haitajilipia. Tuseme ina kilomita 12 na kila siku inapitwa na bodaboda 30 na Fuso 1 la mahindi. Pikipiki ikila lita 1 kwa kilomita 40 na Fuso lita 1 kwa kilomita 4, kwa siku zinachoma lita 12 zikiwa juu yake, na kwa zile shilingi 100 za lita inaingiza 1,200. Kwa mwaka haifiki 440,000, na kwa pesa hiyo huwezi kuzungumzia greda na kalvati. Pesa ya kuitengeneza inatoka kwa waliojaza mafuta Dar es Salaam na Mwanza. Mimi naunga mkono zitoke huko, ila huo ni uhamisho kutoka kwenye barabara zenye magari kwenda kwa wasio nayo, yaani kanuni ya uwezo. Kwa kuwa ni hivyo, ingefaa sehemu hiyo ibebwe na kodi inayopanda na kipato, na lita ya dizeli ya dereva wa Kosta ibaki kulipia njia anayopita.